Mama wa mchele wa Mbuyuni na milioni nane alizoomba

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wanaokuja kwenye benki yetu Moshi kwa mafunzo ya vitendo huwa wameshazikariri nguzo tano za kumpima mwombaji wa mkopo: mwenendo wake, uwezo wake wa kulipa, mtaji wake mwenyewe, dhamana na mazingira ya biashara. Wanazitaja bila kusita. Kazi huanza ninapowapa faili la mfanyabiashara asiye na daftari la hesabu, ambao ndio wengi wa wateja wetu, na kuwauliza wataandika nini kwenye kisanduku cha uwezo wa kulipa. Wengi huandika alichosema mteja. Ndiyo maana nimeamua kusimulia faili moja kwa urefu, maana ndani yake niliona jinsi nguzo hizo zinavyoshikana, na jinsi zile nne zinavyoweza kutumika kuhakiki ile moja ya uwezo.

Mwombaji alikuwa mama wa makamo anayeuza mchele na maharage katika fremu ndogo sokoni Mbuyuni. Alikuja mwezi Agosti akiomba shilingi milioni 8 kwa miezi 12. Bei ya mchele wa Chekereni na Kahe ilikuwa imeshuka, akataka anunue mwingi, auhifadhi, auze bei ikipanda. Alikuwa na leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na barua ya serikali ya mtaa. Dhamana aliyoitaja ilikuwa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mume wake huko Kibosho.

Nilimuuliza anauza kiasi gani kwa siku. Akajibu bila kufikiri, "Mdogo wangu, laki tano haikosi."

Laki tano kwa siku, siku sita kwa wiki, ni milioni 12 kwa mwezi wa wiki nne. Afisa akiichukua hiyo na kuizidisha na faida ya asilimia kumi na tano, faili linapita asubuhi hiyo hiyo. Lakini mama huyu hakuwa anadanganya. Mtu akiulizwa anauza kiasi gani, siku inayomjia kichwani ni ile nzuri. Kwa hiyo swali huwa nalivunja. Siku nzuri kwa wiki ni ngapi, na ni zipi? Siku ya katikati unafunga duka ukiwa na shilingi ngapi? Siku mbaya je? Tulipokwenda hivyo, siku nzuri zikawa mbili za laki tano, za katikati tatu za 350,000, na moja mbaya ya 150,000. Jumapili anakwenda kanisani. Jumla ni 2,200,000 kwa wiki, yaani 8,800,000 kwa mwezi. Milioni 12 imeshuka zaidi ya robo, na mama mwenyewe ndiye aliyeishusha, kwa kuulizwa vizuri tu.

Hapo ni maneno bado. Hatua ya pili ni kuyaacha mauzo na kwenda kwenye manunuzi. Hakuna anayeweza kuuza mchele ambao haukuingia dukani, na mchele unaoingia huacha alama: kwa mwenye mashine ya kukoboa, kwa mwenye kirikuu cha kubebea mzigo, kwa vijana wanaoshusha. Mama alikuwa na daftari la shule alilokuwa akiandika magunia yaliyopokelewa, kwa sababu mwenye kirikuu humdai kwa idadi ya magunia. Hakuliona kuwa daftari la hesabu, na nilipoliomba alishangaa kidogo. Kwangu lilikuwa karatasi yenye thamani kuliko zote kwenye faili lile, kwa kuwa halikuandikwa kwa ajili ya benki.

Kwa Juni na Julai, miezi ambayo kwake ni ya kawaida, alipokea magunia sita ya mchele na mawili ya maharage kwa wiki, ya kilo 100 kila moja. Mchele ulikuwa unamfikia kwa 200,000 kwa gunia na kuutoa kwa rejareja kwa 240,000. Maharage alinunua kwa 220,000 na kuuza kwa 270,000. Bei za kununulia nilizihakiki kwa kupiga simu mashineni, za kuuzia kwa kusimama dukani nikiangalia wateja wakipimiwa. Manunuzi ya wiki basi ni 1,640,000 na mauzo yanayotokana nayo ni 1,980,000. Kwa mwezi: anaingiza mali ya 6,560,000, anauza 7,920,000, anabaki na faida ghafi ya 1,360,000.

Linganisha: maneno yake yalitoa 8,800,000, magunia yakatoa 7,920,000. Tofauti ni sehemu moja ya kumi. Hiyo naikubali, na nachukua hesabu ya chini. Ikizidi robo, sisongi mbele mpaka nijue kuna nini. Huenda kuna bidhaa nyingine hajaitaja, huenda ananunua kwingine, au mzigo unaoingia si wake peke yake, yaani anampokelea jirani. Hilo la mwisho lipo sana Mbuyuni na ni rahisi kulikosa.

Gharama tulizipitia mojamoja. Fremu 100,000. Kijana wa kumsaidia 150,000. Kirikuu na kushusha, magunia 32 kwa mwezi kwa 5,000 kila moja, 160,000. Kodi, leseni, ushuru, mlinzi na umeme vikigawanywa kwa mwezi, 100,000. Halafu kuna kitu ambacho wanafunzi hawakitaji kamwe: gunia la kilo 100 halitoi kilo 100 mkononi mwa mteja. Kuna vumbi, chenga, mkono mzito wa anayepima, na kilo moja moja ya kuongezea wateja wa kudumu. Niliweka 50,000. Jumla ya gharama ni 560,000, na biashara inambakishia 800,000.

Kisha nyumbani. Mtu hulipa mkopo kwa kilichobaki baada ya watoto kula, si kwa faida ya duka. Mume ni fundi seremala, ana kazi lakini si kila wiki. Yeye analipa ada, mama anabeba chakula, umeme, maji na michango. Kwa wakwe zake na kwa ndugu zake, michango ya harusi na misiba haikwepeki, na mtu anayeishi Kilimanjaro akikwambia hachangii, usimwamini. Tukakubaliana 350,000 kwa mwezi. Alikuwa pia na deni la VICOBA, kikundi chake cha kuweka na kukopa, lililobaki 900,000, analirejesha 90,000 kwa mwezi. Mwisho wa yote hayo, anabaki na 360,000.

Hapo ndipo niliporudi kwenye ombi. Milioni 8 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho lake ni karibu 733,000 kila mwezi. Ni zaidi ya mara mbili ya alichobaki nacho. Na benki haichukui chote kinachobaki. Sisi tulikuwa tunakubali rejesho lisizidi asilimia 70 ya ziada, ili mtoto akiugua au mzigo ukichelewa, mtu asikope kwingine kutulipa sisi. Asilimia 70 ya 360,000 ni 252,000.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza hapa kwa nini tusihesabu faida itakayoletwa na mkopo wenyewe. Milioni 8 si zitaongeza mauzo? Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye rafu, si kwenye karatasi. Siku niliyohesabu mali, dukani kulikuwa na magunia 9 ya mchele na 3 ya maharage, yenye thamani ya 2,460,000 kwa bei ya kununulia. Kwa kuwa kila wiki anauza mali ya 1,640,000, mali yake inakaa wiki moja na nusu tu kabla ya kuisha. Huo ni mzunguko mzuri. Milioni 8 zingemnunulia magunia mengine 40 ya mchele, ya wiki karibu saba, na wateja wake ni walewale. Mchele ukilala stoo haumletei pesa ya rejesho la mwezi wa kwanza wala wa pili. Anachosubiri ni bei kupanda, na bei ya mchele haiko mikononi mwake. Shehena kutoka Mbeya au Shinyanga ikiingia, au mavuno ya mabondeni yakiwa mazuri tena, inaweza kukaa palepale au kushuka, na benki itakuwa inadai kila mwezi.

Kitu kimoja, hata hivyo, kiliniambia kwamba anastahili kuongezewa. Nilimuuliza kama kuna siku anakosa mali. Akasema mchele daraja la kwanza huisha Alhamisi au Ijumaa, na mama lishe wa stendi wanaonunua kwake huhamia fremu ya jirani. Nilikwenda Ijumaa bila kumwambia. Kweli, gunia lililobaki lilikuwa la chenga, na niliwaona mama lishe wawili wakija na kuondoka. Hayo ni mahitaji yaliyopo tayari na hayapati mali. Nilikadiria magunia mawili zaidi kwa wiki, si zaidi. Kila gunia lingemwachia 35,000 baada ya kusafirisha, kwa hiyo karibu 280,000 kwa mwezi kama yote yangeuzika. Sikuiongeza kwenye uwezo wake wa kulipa. Niliiweka pembeni kama akiba ya mawazo yangu, niitumie baadaye nikitafuta kitakachomwokoa mwezi mbaya.

Sasa mtaji. Kwenye fomu mtaji huwa ni mstari mmoja, lakini kwangu ndipo panapopima kama hesabu za uwezo zilikuwa za kweli. Dukani kulikuwa na mali ya 2,460,000, fedha mkononi na kwenye simu 600,000, na wateja waliokopa 700,000, wengi wao mama lishe na shule moja ya binafsi. Ukitoa VICOBA 900,000 na 400,000 anazodaiwa mashineni, mtaji wake halisi ndani ya biashara ni 2,460,000. Alikuwa anaomba mkopo unaozidi mtaji wake mara tatu. Katika hali hiyo, hasara ikitokea, sehemu kubwa ya hasara ni ya benki, na mwenye biashara anakuwa na kidogo cha kupoteza.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua zaidi. Kabla ya deni la VICOBA, biashara hii ilikuwa inambakishia 450,000 kila mwezi baada ya matumizi ya nyumbani. Kwa miaka mitatu ya biashara, hiyo ni zaidi ya milioni 16. Ziko wapi? Duka lina milioni mbili na nusu. Faida ya kweli lazima ionekane mahali: kwenye mali, kwenye ada, kwenye ng'ombe, kwenye kiwanja, kwenye hisa za kikundi. Isipoonekana popote, basi ama faida niliyokokotoa haipo, ama kuna tundu linalomeza fedha na mwombaji hajalitaja. Nimewahi kukuta tundu hilo likiwa michezo ya kubahatisha, na nimewahi kukuta likiwa familia ya pili. Hesabu hii ndogo hufichua mengi kuliko maswali ya moja kwa moja.

Nilimuuliza kwa upole. "Mama, faida ya miaka hii mitatu umeiweka wapi?"

Akanyamaza kidogo, akaniambia nimfuate. Tulikwenda Pasua. Kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na sebule, imeezekwa, haina madirisha, haina dari, sakafu ni vumbi. Risiti za bati na nondo alikuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni, zimepangwa. Kwa bei za mafundi wa mtaa ule, milioni zile zilikuwa zimesimama pale mbele yangu, hazikuwa zimepotea. Hesabu yangu ya uwezo ikapata ushahidi ambao hakuna taarifa ya benki ingeweza kuutoa.

Nyumba ile iliniambia pia jambo la pili, kwamba shinikizo la fedha zake haliko dukani. Mtu mwenye nyumba isiyo na madirisha akipewa milioni 8 mkononi, madirisha yataanza kumwita. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Sikufichi mdogo wangu. Nilipanga milioni tano za mchele, tatu za madirisha. Mchele ungelipa zote."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kwa mtu wa mikopo, hata hivyo, lilibadilisha faili. Fedha za madirisha hazizalishi rejesho. Mkopo wa biashara unaoingia kwenye nyumba hugeuka kuwa deni linalolipwa na duka dogo ambalo halijaongezewa chochote, na dalili yake huonekana mapema: mali dukani haiongezeki mwezi wa kwanza baada ya kutoa mkopo, rejesho la pili linachelewa, la tatu linalipwa kwa fedha za kukopa. Ndiyo maana afisa anatakiwa kurudi dukani ndani ya wiki chache baada ya fedha kutoka, kuhesabu tena magunia.

Mwenendo wake niliuangalia kwa njia tatu. Mwenyekiti wa VICOBA alisema hajawahi kukosa hisa, na mara mbili amekuwa mtunza funguo wa sanduku. Mwenye mashine alisema hulipa ndani ya siku kumi alizoahidi, akichelewa hupiga simu yeye kwanza. Nilithamini zaidi hilo la kupiga simu. Taarifa ya kumbukumbu za mikopo, ambayo benki huipata kutoka kwa taasisi zilizopewa leseni na Benki Kuu, ilikuja na doa. Ilionyesha mikopo midogo ya simu kadhaa, miwili ililipwa kwa kuchelewa wiki mbili au tatu, na mmoja wa 150,000 ulikuwa bado hai. Huo wa mwisho hakuwa ameutaja.

Mwenzangu ofisini alitaka tumkatae hapohapo kwa kuficha deni. Nilimwomba tuangalie tarehe. Mikopo yote ya simu ilichukuliwa Januari au Julai, na ucheleweshaji wote ulikuwa wa miezi hiyo. Shule hufunguliwa Januari, na Julai wanarudi muhula wa pili. Kumbe "baba analipa ada" ilikuwa kweli nusu. Baba akikosa kazi, mama anakopa kwenye simu. Nilipomuuliza tena kuhusu madeni mengine, safari hii nikitaja mikopo ya simu kwa jina, alifungua simu akanionyesha salio. Hakuwa ameihesabu kama deni, wateja wengi hawaihesabu. Angekana mara ya pili, nisingesonga mbele naye.

Doa lile lililoandikwa chini ya mwenendo lilikuwa, kwa kweli, taarifa ya mazingira. Lilinionyesha mahali ambapo fedha zake hukatika kila mwaka. Nikalitumia kusoma upya taarifa ya Lipa Namba yake ya miezi 12. Kiwango chake hakikuwa na maana kubwa, kwa sababu wateja wake wengi hulipa taslimu, lakini umbo la mwaka lilikuwa wazi. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kote walikotawanyika, malipo yalipanda zaidi ya nusu ya mwezi wa kawaida. Januari yalianguka kwa robo. Aprili na Mei, wakati wa masika, yalikuwa chini kwa asilimia 15 hivi, kisha yakarudi.

Wanafunzi huandika kwenye kisanduku cha mazingira mambo ya mfumuko wa bei na uchumi wa nchi. Kwa duka la mchele la Mbuyuni mazingira ni hayo: Desemba, Januari na masika. Na hayafai kubaki maelezo tu, yanapaswa kuingia kwenye hesabu. Faida ghafi ya 1,360,000 ikishuka kwa robo Januari inakuwa 1,020,000. Toa gharama 560,000, nyumbani 350,000, VICOBA 90,000, inabaki 20,000. Yaani Januari hawezi kulipa rejesho lolote kutoka kwenye biashara, hata la laki moja. Mkopo wowote wenye marejesho sawa kila mwezi ungemfanya mdaiwa sugu kila Januari, na tungesema ana mwenendo mbaya.

Aprili na Mei hali ni nafuu: zingebaki kama 156,000 kila mwezi.

Nimeiacha dhamana mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mama aliitaja kwanza. Wateja wengi huamini kwamba kihamba ndicho kinachokopesheka. Shemeji yake mkubwa alikuja hadi ofisini kuthibitisha kwamba ukoo unakubali. Kihamba kile kilikuwa na migomba, kahawa ya zamani na makaburi ya wazee. Hakikuwa na hati ya haki miliki ya kimila wala kupimwa. Hata kingekuwa nayo, nilijua kisingeweza kutimiza kazi ya dhamana, ambayo ni kuuzwa kwa haraka na kurudisha fedha. Hakuna jirani wa Kibosho atakayenunua kwenye mnada ardhi yenye makaburi ya ukoo mwingine, na mtu wa mbali hataweza kuingia. Thamani yake kwa familia ni kubwa mno, kwa benki ni karibu na sifuri. Kumbebesha mtu rehani ya namna hiyo kunamtisha tu, hakumwezeshi kulipa.

Nyumba ya Pasua ilikuwa na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, bila hati. Na kwa kuwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini ya mume ingehitajika hata kama mama ndiye aliyenunua kila bati. Afisa asiyeitafuta ridhaa hiyo huishia mahakamani akiwa na rehani isiyotekelezeka.

Niliandika mapendekezo yangu kwa kamati ya mikopo hivi: milioni 2 na nusu, miezi 12, rejesho la 229,200 kwa mwezi, ambalo liko ndani ya 252,000. Deni la simu lilipwe kabla. Fedha za mchele, milioni 2, ziende moja kwa moja kwa mwenye mashine, na mama apewe mkononi 500,000 za usafirishaji na maharage. Desemba alipe marejesho mawili, lake na la Januari. Dhamana iwe mali ya dukani, friji, mizani na samani za nyumbani, zikithaminiwa kwa bei ya kuuza haraka, pamoja na wadhamini wawili kutoka kikundi chake, na mume asaini. Kwa Aprili na Mei niliandika wazi kwamba ziada ingepungua chini ya rejesho kwa kama 73,000 kila mwezi, na kwamba faida ya magunia mawili ya nyongeza ndiyo ingeziba, ikiwa mahitaji niliyoyaona Ijumaa ile ni ya kweli.

Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kwa nini nimshushe kutoka milioni 8 mtu mwenye sifa nzuri hivyo. Nilimwonyesha ukurasa wa Januari. Mwingine akauliza kwa nini tukubali wakati dhamana ni dhaifu. Nikamwonyesha daftari la magunia na nyumba ya Pasua. Walikubali.

Mama hakufurahi. Aliniambia milioni mbili na nusu ni hela ya kumtia mtu aibu. Tulikaa naye mezani, tukaandika mwezi kwa mwezi alichoniambia yeye mwenyewe, na nikamwachia kalamu ajaze mstari wa Januari. Alipofika chini aliitazama ile 20,000, akauliza kama la Desemba anaweza kulipa kabla ya sikukuu, wakati fedha bado zipo. Tukaliweka tarehe 20.

Wiki ya tatu baada ya kutoa mkopo nilihesabu magunia 19 ya mchele dukani badala ya 9, na Ijumaa daraja la kwanza lilikuwepo. Desemba alilipa mara mbili. Mei alichelewa siku chache, akapiga simu kabla ya tarehe, akasema shule ile ya binafsi haijamlipa mchele wa muhula. Hilo lilinifanya nirudi kwenye orodha ya wadaiwa wake, na tukakubaliana asiikopeshe shule zaidi ya magunia mawili kwa wakati mmoja.

Agosti iliyofuata alikuja kuomba milioni 4. Madirisha alikuwa ameyaweka kwa faida, mawili mawili. Nilichukua daftari lake, safari hii alikuwa amelinunua maalumu na kuandika hata maharage, nikaanza upya kwenye magunia yanayoingia kwa wiki.